Mshahara wa Siku Tatu

SHABANI: Karibuni tena. Mwanaidi leo kaingia na karatasi mkononi na hataki kuiweka chini.

MWANAIDI: Hesabu ya mshahara wangu mpya. Mnajua mama yuko kwangu Tabata tangu apate kiharusi. Jumanne kazini wamenikubalia siku tatu kwa wiki badala ya tano, kuanzia mwezi ujao. Milioni moja na nusu inakuwa laki tisa.

SHABANI: Si ulishapiga hesabu mwezi uliopita?

MWANAIDI: Nilikosea. Nilichukua 1,117,000 inayoingia mkononi, nikatoa asilimia 40, nikapata 670,200. Karatasi inasema 729,500. Nikadhani mhasibu kasahau kodi! Akanikalisha chini. NSSF inakatwa kwanza, asilimia 10, yaani 90,000. Inabaki 810,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Zamani kile kilichozidi milioni kilitozwa asilimia 30. Sasa sifiki milioni. Kodi yangu ilikuwa 233,000, imekuwa 80,500.

SHABANI: Kwa hiyo ukianza na ile ya mkononi unajipunja. Anza na mshahara wote, halafu kata upya.

MWANAIDI: Ndiyo. Ila usifurahi bado. Benki wanachukua 300,000 yao ya mkopo kila mwezi, nifanye siku tatu au tano. Zamani wakishachukua nabaki na 817,000. Sasa 429,500. Karibu nusu imekwenda.

SHABANI: Nauli si itapungua?

MWANAIDI: Napanda daladala nne kwa siku, 600 kila moja, na sahani ya wali 4,000. Siku nane nisizokwenda kazini kwa mwezi ni 51,200. Pampasi za mama zinaimeza yote.

SHABANI: Na mchezo wenu wa kupeana pesa?

MWANAIDI: Nilijua utafika huko.

SHABANI: Laki moja kwa mwezi, dada yangu. Katika 429,500!

MWANAIDI: Tuko kumi, mimi namba tisa, huu ni mwezi wa nne. Nimebakisha miezi mitano nipokee milioni yangu.

SHABANI: Basi badilishana namba. Mwombe anayepokea mwezi wa sita, peleka milioni benki, upunguze mkopo. Lakini waambie kwa maandishi wapunguze rejesho la kila mwezi. Ukinyamaza wanaweza kukupunguzia muda, na wewe shida yako ni ya mwezi huu, siyo ya mwaka wa mwisho.

MWANAIDI: Hilo la benki nalichukua. La namba, hapana. Nikipokea mwezi wa sita, miezi minne inayofuata nalipa pesa niliyokwisha kuitumia. Sasa hivi mchezo ni akiba yangu. Nikisogea mbele unageuka deni, tena kipindi ambacho mshahara ni mdogo.

SHABANI: Deni lisilo na riba, linalokupunguzia lenye riba. Hesabu iko wazi.

MWANAIDI: Hesabu yako haina mama ndani yake. Alipoanguka, kijumbe wetu wa mchezo ndiye aliyekuja na bajaji saa nane usiku. Wale wanawake wanajua nafasi ya nani iko wapi na kwa nini. Namba sita ni ya mwenzetu anayelipa ada ya mtoto. Nimwambie nini?

SHABANI: Mwambie ukweli, kipato kimeshuka. Kuna hatari hata kubaki namba tisa: waliokwisha kupokea wakiacha kutoa, wewe wa mwishoni ndiye unayeumia.

MWANAIDI: Miaka sita hakuna aliyeacha.

SHABANI: Na miaka sita hujawahi kubaki na 429,500. Ukitoa mchezo, 329,500. Kodi ya nyumba?

MWANAIDI: 150,000. Inabaki 179,500 ya chakula, luku, maji na dawa. Mwezi huu nimejaribu: siku ya mshahara nilihamisha tofauti, 387,500, kwenye akaunti nyingine, nikaishi kama vile nimeshapunguza siku. Tarehe 19 nilichota 40,000 ya dawa za presha.

SHABANI: Umeona? Huo ndio ushahidi wangu.

MWANAIDI: Wangu pia! Imepungua 40,000 tu, mchezo nikiwa nimetoa. Miezi mitano ya hivyo ni 200,000, na mwezi ule wa kwanza umeniachia 347,500.

SHABANI: Mwezi mmoja ambao mama hakulazwa.

MWANAIDI: Akilazwa, watakaokuja ni wa mchezo, siyo benki.

SHABANI: Sikubali.

MWANAIDI: Na mimi sisogei namba.

SHABANI: Fundi ananionyesha dakika mbili. Tulikuwa tuzungumzie bima ya afya, na michango ya NSSF inavyoshuka kutoka 150,000 hadi 90,000...

MWANAIDI: Na mwajiri naye anashusha ya kwake vilevile. Hilo ni kubwa, haliingii katika dakika mbili.

SHABANI: Basi tuliache. Barua ya benki unaandika lini?

MWANAIDI: Kesho, kabla ya saa nne. Mama ana kliniki.