Pupa inayolipa na pupa inayoponza: vipande vya muda, kisha sarafu za 1, 7 na 10

Karibuni tena. Leo mezani nina rula, vipande saba vya manila nilivyoviandika A mpaka G, na sarafu nilizokata kwa kadi. Hii ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote kwenye algoriti, kwa hiyo mkiniona nachelewa mahali, mjue hapo ndipo penye utamu.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Algoriti ya pupa ni ile inayochukua kinachoonekana bora sasa hivi na haigeuki nyuma kamwe. Kuna kazi ambayo pupa hiyo inapata jibu bora kila mara, na kuna kazi inayofanana nayo kabisa kwa sura ambayo pupa inakosea. Ninataka muone kwa macho tofauti iko wapi.

Tuanze na vipande. Chumba ni kimoja, maombi ni saba, na kila kipande ni ombi moja. Urefu wa kipande ndio muda wake, sentimita za rula ndizo saa. Tunataka maombi mengi iwezekanavyo yaingie bila kugongana. Navipanga haraka: A ni 0 mpaka 12, B ni 1 mpaka 4, C ni 3 mpaka 5, D ni 4 mpaka 8, E ni 7 mpaka 10, F ni 8 mpaka 11, na G ni 11 mpaka 15. Simamisha video unakili.

Sasa, uanze na kipi? Wengi wanaanza na kinachoanza mapema. Sawa, huyo ni A. Namweka. B anagongana naye, C pia, D, E, F, hata G anayeanza 11, kwa sababu A anaishia 12. Chumba kimejaa kwa ombi moja tu. Naondoa.

Wengine wanasema chukua kifupi zaidi. Kifupi ni C, sentimita mbili. Kinawafukuza B na D kwa pamoja, mmoja kila upande. Kisha E, kisha G. Tumepata matatu. Si haba, lakini subirini.

Kanuni ni hii: chukua kinachomalizika mapema. Si kinachoanza mapema, kinachomalizika. Nairudia kwa sababu niliwahi kuandika programu ya kupangia watu chumba cha mikutano, nikapanga orodha kwa mwanzo nikidhani nimeipanga kwa mwisho, na mtu mmoja akapewa chumba kutwa nzima huku wengine wakiambiwa hakuna nafasi. Angalia mwisho. Weka kidole kwenye ncha ya kulia ya kila kipande, usiangalie ncha ya kushoto kwanza.

Kwa mwisho, foleni ni B, C, D, E, F, A, G. B anaingia. C anaanza 3, B bado yumo, anaachwa. D anaanza 4...

Ngoja. Nasogeza kamera, kuna mwanga unaipiga rula. Mmeona? Kwenye picha D anaonekana amempanda B kidogo. Nilimkata vibaya, amezidi kama milimita moja upande wa kushoto. Nampunguza kwa mkasi hapa hapa, maana hiyo milimita ndiyo habari yenyewe. B anaishia 4 na D anaanza 4. Wanagusana, hawagongani. Mmoja anatoka mlangoni, mwingine anaingia.

Haya, D yumo. E anaanza 7, D anaishia 8, anaachwa. F anaanza 8, anagusana na D, anaingia. A anaachwa. G anaanza 11, F anaishia 11, anaingia. B, D, F, G: maombi manne.

Kwenye Python ni mistari michache:

```python
vipande = [(0,12,"A"), (1,4,"B"), (3,5,"C"), (4,8,"D"),
           (7,10,"E"), (8,11,"F"), (11,15,"G")]
vipande.sort(key=lambda k: k[1])
mwisho = 0
for mwanzo, tamati, jina in vipande:
    if mwanzo >= mwisho:
        print(jina)
        mwisho = tamati
```

Mistari mingine inajieleza. Huu wa `sort` ndio wa kuangalia. Ukiandika `vipande.sort()` peke yake, Python inapanga kwa namba ya kwanza ndani ya mabano, yaani mwanzo. Haitalalamika, haitatoa kosa lolote, itachapisha A na kunyamaza. Mimi ilinichukua nusu siku. Andika `k[1]`. Na kwenye `if`, ukiweka `>` badala ya `>=`, D anakataliwa kwa kugusana tu, unabaki na B, E na G. Matatu. Ukiona jibu lako limepungua moja hivi, nenda moja kwa moja kwenye alama hiyo. Bila shaka, kama chumba chako kinahitaji muda wa kufagiwa kati ya watu wawili, urefushe kila kipande kwa muda huo, usichezee alama.

Sasa sehemu ninayoipenda. Tunajuaje kwamba manne ndiyo mengi kabisa, na kwamba kanuni hii haitatuangusha kwa vipande vingine?

Chukulia mtu anakuja na mpango wake ulio bora kabisa, na wa kwanza ndani yake si B. Mwondoe huyo wa kwanza wake, mweke B mahali pake. Je, B atamgonga yeyote aliyebaki? Hapana, maana hakuna kipande kinachomalizika kabla ya B. Huyo aliyetoka aliishia palepale au mbele zaidi, na wote wanaomfuata wanaanza baada yake. Nafasi ya kulia haikupungua hata kidogo, na idadi ni ileile. Kwa hiyo upo mpango bora unaoanza na B. Rudia hoja hiyohiyo kwa vipande vilivyobaki kulia, mpaka vinakwisha. Huku kubadilishana ndiko kunakoipa pupa haki yake. Unaweza kukitoa kipande cha mwenzako, ukaweka cha pupa, na hakuna kinachoharibika.

Shikeni hilo, twende kwenye sarafu.

Sarafu zangu za kadi zina thamani ya 1, 7 na 10, kila moja iko tele. Nataka kutoa 14 kwa sarafu chache iwezekanavyo. Pupa inasema chukua kubwa inayoingia. Kumi. Zimebaki nne. Saba haiingii, basi moja, moja, moja, moja. Sarafu tano. Sasa tazama mkono wangu wa kushoto: saba na saba. Mbili.

Tujaribu kubadilishana kulekule. Mpango bora ni 7 na 7, hauna 10. Niingize 10 ndani yake. Ili jumla ibaki 14, lazima nitoe sarafu zenye thamani ya 10 kamili. Nitoe zipi? Saba moja haitoshi, saba mbili zimezidi. Nalazimika kutoa zote mbili na kufidia pengo la nne kwa moja-moja. Nimetoa mbili, nimerudisha tano. Kwenye vipande, kuchagua kwa pupa kuliacha nafasi ileile au kubwa zaidi. Hapa kunaacha salio lingine kabisa, na salio dogo halimaanishi sarafu chache: 4 ni ndogo kuliko 7, lakini 4 inadai sarafu nne na 7 inadai moja.

Badilisha sarafu ziwe 1, 5 na 10 uone. Sarafu tano za 1 zinabadilishwa na moja ya 5, mbili za 5 zinabadilishwa na moja ya 10, bila salio. Kila kubadilishana kunapunguza idadi, kwa hiyo pupa inafaa. Na msidhani seti mbaya ni za vitabuni tu. Uingereza, kabla ya kuingia mfumo wa desimali mwaka 1971, ilikuwa na sarafu ya peni 30 na ya peni 24. Peni 48 kwa pupa ni 30, 12 na 6, sarafu tatu, wakati mbili za 24 zinatosha.

Na ukiondoa sarafu ya 1, ukabaki na 7 na 10, pupa haikosei tu, inakwama: inachukua 10 na haina cha kufanya na 4.

Dawa yake ni jedwali. Unaanza kutoka sifuri, unajaza kila kiasi kwa kuuliza sarafu ya mwisho ilikuwa ipi. Kwa 14: kama ya mwisho ni 1, nyuma yake kuna 13, inayohitaji sarafu nne, jumla tano. Kama ni 10, nyuma yake kuna 4, inayohitaji nne, jumla tano. Kama ni 7, nyuma yake kuna 7, inayohitaji moja, jumla mbili. Andika mbili.

```python
sarafu = [1, 7, 10]
idadi = [0]
for kiasi in range(1, 17):
    idadi.append(1 + min(idadi[kiasi - s]
                 for s in sarafu if s <= kiasi))
print(idadi[14])
```

Inachapisha 2. Hapa hatuchagui mapema, tunapima njia zote tatu kwenye kila kiasi.

Mtauliza kwa nini nimeishia 16. Mwaka 1994 Dexter Kozen na Shmuel Zaks walithibitisha kwamba, kwa seti yenye sarafu ya 1, kama pupa inakosea popote, basi kosa dogo kabisa liko chini ya jumla ya sarafu mbili kubwa. Kwetu ni 7 na 10, jumla 17. Kwa hiyo huhitaji kukagua mpaka milioni. Linganisha pupa na jedwali kutoka 1 mpaka 16, zikikubaliana kote, tumia pupa kwa amani.

Nimeshaendesha, nawasogezea skrini karibu. Mpaka 13 zinakubaliana. Kwenye 14 pupa inatoa tano, jedwali mbili. Kwenye 15, sita kwa tatu. Kwenye 16, saba kwa nne. Na 1, 5 na 10, ambazo unazikagua mpaka 14 tu, hazikutoa tofauti hata moja.