Pakiti ya gramu 92 na kikombe cha uji

Asanteni sana. Wahudumu wa afya ya jamii, na akina mama mliokuja nao, nianze na swali ambalo pale kliniki siku haipiti bila kuulizwa. Mama anaifinya ile pakiti ya chakula dawa, plampinati kama wengi mnavyoiita, kisha anasema: "Humu kuna karanga, maziwa, sukari na mafuta. Vyote nitavipata dukani. Kwa nini nisivitie kwenye uji?" Swali la haki kabisa. Jibu lake kwa sehemu kubwa ni maji, basi tuanzie hapo.

Chukueni mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye kilo 7. Mkanda wa kupimia mkono unasoma sentimita 11.1. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, hatuna ubishi hapo. Miguu haijavimba, homa hana, na anataka kula. Ili mwili huu ujijenge upya tunampa takriban kilokalori 200 kwa kila kilo kwa siku, yaani 1,400.

Sasa pikeni uji. Kikombe cha mililita 250 hubeba unga wa mahindi kama gramu 25, tena hapo uji una uzito wa kunyweka. Ongeza kijiko cha chai cha sukari. Kikombe kizima kinakupa kilokalori 110 hivi. Kufikia 1,400 mtoto anahitaji vikombe kumi na viwili na zaidi, lita tatu za uji kwa siku. Na tumbo la mtoto wa kilo 7 hupokea takriban mililita 210 kwa mkupuo, hata kikombe kimoja hakiishi. Mama anapoambiwa "mlishe mtoto ashibe", amemlisha. Mtoto ameshiba maji.

Mtasema: basi tuzidishe unga. Wanga ukipikwa hunyonya maji na kuvimba, uji unakuwa mzito mpaka mtoto hawezi kuumeza. Bibi zetu walikuwa na dawa ya hilo, kimea: unga wa mtama au ulezi uliooteshwa na kukaushwa. Kijiko kimoja ndani ya uji mzito na uji unalegea palepale, unga ukiwa uleule. Ni ufundi mzuri na nasikitika umeachwa. Lakini hata uji wa kimea haumfikishi mtoto huyu anakotakiwa kufika. Na zile pakiti za unga wa lishe zenye nafaka kumi na mbili ndizo zinanikera zaidi: ukichanganya mahindi, mchele, ngano na mtama, bado una wanga na maji.

Pakiti ya chakula dawa ina gramu 92 na kilokalori 500. Zaidi ya nusu ya nguvu hiyo inatoka kwenye mafuta, gramu 30 hivi. Pakiti tatu zinamtosha mtoto wetu kwa siku, nazo kwa pamoja hazifiki gramu 300. Anakula kidogo kidogo, mara nyingi, bila tumbo kujaa.

Chimbuko lake linaeleza mengi. Hospitalini watoto hawa walikuwa wakipewa maziwa maalumu yaitwayo F-100, kilokalori 100 kwa kila mililita 100. Yalifanya kazi, ila ni unga unaokorogwa na maji, na maziwa yaliyokorogwa kwenye joto letu hugeuka shamba la vijidudu baada ya saa chache. Kwa hiyo mtoto alilazwa wiki kadhaa, na mama akawaacha wengine nyumbani. Mwaka 1996 daktari wa Kifaransa André Briend, pamoja na Michel Lescanne mwenye kiwanda cha vyakula vya lishe, walichukua virutubisho vya maziwa hayo, wakaondoa sehemu ya unga wa maziwa na kuweka karanga zilizosagwa, bila kutia maji. Chembe za maziwa na sukari zimezama ndani ya mafuta. Kijidudu kikianguka humo hakipati maji ya kuzaliana. Ndiyo maana pakiti haihitaji friji wala moto, na mtoto akatibiwa nyumbani. Malawi ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuonyesha kwamba hilo linawezekana, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na wenzake walilikubali rasmi kwa watoto wasio na matatizo mengine.

Sasa mnaona kwa nini sitaki mkoroge pakiti kwenye uji. Mmerudisha maji yaliyoondolewa kwa makusudi. Tumbo linajaa mapema, na kinachobaki kwenye sufuria kinachacha. Maji mtoto ayanywe pembeni, safi na salama, kila anapokula, kwa sababu pakiti yenyewe haina. Anayenyonya anyonye kwanza, pakiti baadaye.

Mama mmoja hapa mbele anauliza: je, nikisaga karanga mwenyewe, nikatia maziwa ya unga na mafuta, bila maji? Mama, umenielewa vizuri. Kinachokosekana hapo hakionekani kwa macho. Mtoto aliyekonda hivi amepoteza potasiamu, magnesiamu na zinki. Bila hayo nguvu unayompa itajenga mafuta kuliko nyama na viungo. Chumvi nayo lazima iwe kidogo, maana mwili wake unashindwa kuitoa. Viwandani madini na vitamini hupimwa na kuchanganywa sawasawa, na protini, walau nusu, hutoka kwenye maziwa. Karanga hupimwa sumukuvu pia. Zako za sokoni nani amezipima? Nafaka na kunde, kwa upande wao, zina asidi ya fitiki inayoshika zinki na chuma visifyonzwe, na uji wa nafaka tupu unayo kwa wingi.

Kabla hatujamkabidhi mama pakiti, tunamjaribu mtoto hapohapo kituoni. Mama ananawa, anamkalisha pembeni pasipo kelele, anampa taratibu. Wa kilo 7 anapaswa kula theluthi moja hivi ya pakiti. Akiikataa kabisa, tusimlazimishe na tusimrudishe nyumbani. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa na maambukizi makubwa bila homa, na kukosa hamu ya kula huenda ndiyo dalili pekee utakayoiona. Huyo anaenda wodini kuanza na F-75, maziwa mepesi zaidi.

Mwenye unyafuzi, aliyevimba miguu yote miwili, atawashangaza wiki ya kwanza au ya pili: anakula vizuri na uzito unashuka. Ni maji ya uvimbe yanatoka. Msiandike kwamba tiba imeshindwa. Aliyekonda bila uvimbe ni kinyume chake: uzito wake usipopanda kwa wiki mbili, nendeni nyumbani. Mara nyingi mtakuta watoto watatu na pakiti tatu. Kila mmoja amepata kilokalori 500, na wetu amebaki na theluthi ya dawa yake. Msimgombeze mama, hakuna mama atakayemlisha mtoto mmoja huku wengine wanatazama. Ongeeni naye kuhusu chakula cha wale wawili, vinginevyo pakiti za wiki ijayo zitagawanywa vilevile.

Tunapima kila wiki. Mkono ukifika sentimita 12.5 mara mbili mfululizo na uvimbe haupo, pakiti zinakoma. Uji unarudi hapo, ukiwa na karanga, maziwa au dagaa waliosagwa, na kimea kama mnacho.