Bendera, kibendera na pembetatu: jinsi ya kupima bei itafika wapi

Habari zenu watazamaji. Fungua chati ya EURUSD, weka H4, yaani kila mshumaa una saa nne. Leo tunachora maumbo matatu yanayotokea bei ikipumzika katikati ya safari, kisha tunapima inaweza kufika wapi ikiendelea. Namba nitakazotumia nimezipanga kwa ajili ya somo hili ili hesabu iwe nyepesi, kwa hiyo usizitafute kwenye chati yako ya leo.

Tuanze na bendera, maana ukiielewa hii, hizo nyingine mbili hazitakusumbua. Kabla hujaona bendera, tafuta mlingoti. Mlingoti ni mwendo mkali wa upande mmoja: mishumaa mirefu inayofuatana, na karibu hakuna unaorudi nyuma. Tazama hapa kwenye skrini. Bei imetoka 1.0800 hadi 1.0920 kwa mishumaa mitano tu. Pipsi moja hapa ni 0.0001, kwa hiyo hizo ni pipsi 120, na huo ndio mlingoti wetu.

Sasa angalia kinachofuata. Bei inashuka polepole kwa mishumaa midogo midogo, inapanda kidogo, inashuka tena. Chukua kifaa cha Trend Line, unganisha vilele viwili au vitatu vya juu, kisha unganisha mabonde ya chini. Mistari ikienda sambamba na kuinama kinyume cha mlingoti, umepata bendera. Mlingoti ukipanda, bendera inainama chini. Mlingoti ukishuka, bendera inainama juu. Ukiona bei iko kwenye trendi ya kupanda na "bendera" nayo inapanda, iache. Hapo wanunuzi wanaendelea kusukuma huku nguvu zikipungua, hawajapumzika, na mara nyingi bei hugeuka.

Pima pia imerudi kiasi gani. Bonde la chini kabisa la bendera yetu ni 1.0880, kwa hiyo bei imerudisha pipsi 40 kati ya 120, theluthi moja. Hiyo ni nzuri. Ikirudisha zaidi ya nusu, hapa ikiwa chini ya 1.0860, mimi siihesabu tena kama bendera, kwa sababu wauzaji wameshaonyesha nguvu inayokaribia ya wanunuzi. Muda nao una maana. Mlingoti wa mishumaa mitano ukifuatiwa na bendera ya mishumaa kumi au kumi na tano, sawa. Ikifika arobaini, msukumo wa mwanzo umeshapoa.

Twende kwenye kipimo. Subiri mshumaa ufunge nje ya mstari wa juu. Nasema ufunge. Utambi, ule mstari mwembamba wa mshumaa, kuchungulia nje na kurudi ndani hauhesabiki, na watu wengi hunaswa hapo. Mshumaa wetu umetoboa mstari kwenye 1.0895, ukafunga juu yake. Chukua urefu wa mlingoti, pipsi 120, ujumlishe na pale bei ilipotoboa. 1.0895 jumlisha 0.0120 ni 1.1015. Hilo ndilo lengo.

Wapo wanaopima kuanzia bonde la bendera: 1.0880 jumlisha 0.0120, wanapata 1.1000. Mimi huweka alama kwenye malengo yote mawili na kufanyia kazi lile la karibu. Isitoshe, 1.1000 ni namba ya mviringo, na oda nyingi hukaa kwenye namba kama hizo. Ningefunga sehemu kubwa ya biashara kwenye 1.0995, kabla bei haijagonga hapo. Stop losi, yaani oda ya kukutoa bei ikienda kinyume nawe, iweke chini ya bonde, tuseme 1.0872. Ukinunua 1.0895 unahatarisha pipsi 23 kutafuta pipsi 100. Ongeza na spredi ya broka wako, kwa sababu chati ya MetaTrader kwa kawaida inachora bei ya kuuzia, na wewe unanunua kwa bei iliyo juu kidogo ya hiyo.

Nikae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo malengo mengi huharibika: mlingoti unaanzia wapi? Rudisha chati nyuma. Trendi yote ilianzia 1.0710, ikapanda, ikatulia karibu na 1.0800, ndipo ukaja mwendo mkali. Ukipima kuanzia 1.0710 utapata mlingoti wa pipsi 210 na lengo la 1.1105. Umejiongezea pipsi 90 ambazo umbo hili halikukuahidi, kisha utakaa unaangalia faida inayeyuka ukisubiri bei isiyokuja. Anzia pale bei ilipotoka kwenye utulivu wa mwisho, sehemu ambayo mishumaa inaanza kurefuka ghafla.

Kibendera ni ndugu wa bendera. Mlingoti ni uleule na kipimo ni kilekile, ila mistari yake haiendi sambamba, inakaribiana hadi kukutana kwenye ncha, na huwa kifupi. Hakuna zaidi.

Pembetatu ndiyo inayochanganywa na kibendera. Pembetatu ni kubwa, huchukua mishumaa mingi, na hatuipimi kwa mlingoti. Tunapima kitako chake, yaani upande ule mpana inapoanzia. Mfano: kilele cha kwanza ni 1.1010, na mstari wa chini, ukiusoma kwa wima chini ya kilele hicho, uko kwenye 1.0940. Kitako ni pipsi 70. Bei ikitoboa juu kwenye 1.0985, lengo ni 1.1055. Pima kwa wima. Ukiufuata mstari ulioinama utapata urefu usio na maana kwenye bei. Kila mstari uwe umeguswa angalau mara mbili, la sivyo unachora matamanio yako.

Hesabu pia mishumaa kutoka kitako hadi pale mistari itakapokutana. Ikiwa ni 40, kutoboa kuzuri huja takriban kati ya mshumaa wa 20 na wa 30. Bei ikitambaa hadi kwenye ncha, umbo limeisha nguvu, na kutoboa kwake usikuamini sana. Tena, pembetatu inaweza kutoboka upande wowote. Trendi iliyotangulia inatupa upande wa kutegemea, lakini oda iweke baada ya mshumaa kufunga.

Utajuaje kwamba kutoboa ni kwa uongo? Mshumaa unaofuata ukirudi na kufunga ndani ya umbo, toka, usisubiri stop losi iguswe. Kwenye hisa angalia kiasi cha biashara: kipungue ndani ya umbo, kisha kiruke wakati wa kutoboa. Kwenye foreksi, Volumes ya MetaTrader huhesabu mara ambazo bei imebadilika, si fedha zilizopita, kwa hiyo ichukue kama dokezo tu.

Na kabla hujabonyeza, angalia kalenda. Takwimu za ajira za Marekani kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, au saa kumi na nusu Marekani inapokuwa kwenye saa za baridi. Mshumaa wa H4 unaobeba habari hiyo unaweza kutoboa mistari yote miwili ndani ya dakika chache. Umbo likiwa bado halijatoboka saa hiyo, subiri mshumaa ufunge, kisha uchore mistari upya.