Moja kwa Sita: Kutoka Mfano wa Slaidi hadi Swali Linalopima Njia

*Mhadhara kwa wakufunzi wa uuguzi na afya ya jamii, Arua*

Wakufunzi wenzangu, hamjambo. Slaidi hii mnaijua, kwa hiyo sitaizungukia. Jiki ina klorini 3.5%, nasi tunataka mmumunyo wa 0.5% wa kupangusia sakafu na vitanda. Gawanya 3.5 kwa 0.5, unapata 7. Toa 1, unapata 6. Sehemu moja ya jiki, sehemu sita za maji. Darasa linanakili, tunakwenda slaidi inayofuata.

Halafu linakuja zoezi. Jiki ni ile ile ya 3.5%, mmumunyo ni ule ule wa 0.5%, ila safari hii ni wodi ya wazazi badala ya wodi ya watoto. Wote wanapata, na mkufunzi anaandika kwenye daftari lake kwamba somo limeeleweka. Limeeleweka vipi? Alichopima ni kama mtu anaweza kukumbuka maneno "moja kwa sita" kwa dakika kumi. Nimelisema hili katika vikao vingi, na nitaendelea kulisema maadamu bado naona mazoezi ya namna hii.

Najua wengine mtaniambia, "Lakini mimi hubadilisha namba." Vizuri, tubadilishe. Mmumunyo wa kunawa mikono ni 0.05%. 3.5 kwa 0.05 ni 70, toa 1, ni 69. Au lebo ya chupa inasema 5%, nasi tunataka 0.5%: sehemu tisa za maji. Maswali haya yanafaa, yaulizeni. Yanamnasa aliyekariri sita. Hayamnasi aliyekariri "gawanya, toa moja" bila kujua ile moja inatolewa kwa nini, na huyo ndiye anayenikosesha usingizi, kwa sababu kwenye karatasi anafanana kabisa na anayeelewa.

Ile moja ni jiki yenyewe. Saba ni mchanganyiko wote, na sehemu moja kati ya hizo saba tayari ni jiki, ndiyo maana maji yanabaki sita. Sasa nitajuaje kama mwanafunzi analiona hilo? Sibadilishi namba, nabadilisha kile ninachokiuliza. Nasema: una jerikani ya lita 20, ijaze mmumunyo wa 0.5%. Utatia jiki kiasi gani, na maji kiasi gani?

Jibu ni 20 kwa 7, karibu lita 2.86, na maji yanajaza nafasi iliyobaki. Lakini kabla sijaliandika swali hili ubaoni, niliandika kando ya karatasi yangu jibu la makosa ninalolitarajia: 3.33. Hiyo ni 20 kwa 6. Anayeniletea 3.33 na kujaza maji nafasi iliyobaki amechukua sita kuwa ndiyo mchanganyiko wote. Mwingine ataleta 3.33 hiyo hiyo, lakini kwa lita 20 za maji, na jerikani itafurika: huyo hajatofautisha maji na mmumunyo. Makosa mawili, wagonjwa wawili, na kila mmoja anahitaji dawa yake. Swali lisiloweza kuwatenganisha hawa wawili halinifai kitu.

Naomba mnisikilize hapa, maana hapa ndipo maswali mengi mazuri yanapoharibika. Tuseme ningeuliza jerikani ile ile, lakini kwa mmumunyo wa 0.05%. Jibu sahihi ni 20 kwa 70, mililita 286. Aliyekosea anagawa kwa 69, anapata mililita 290. Mwanafunzi makini akikadiria kwa makumi naye anaandika 290. Aliyeelewa na asiyeelewa wamekaa kwenye namba moja, nami nawapa wote tiki. Dhana ni ile ile, swali ni lile lile, ila namba niliyochagua imeficha kosa. Kwa hiyo namba za swali hazichaguliwi kwa sababu zinagawanyika vizuri. Zinachaguliwa kwa sababu zinayaweka majibu ya makosa mbali na jibu la kweli. Kokotoa makosa kwanza, kwa kalamu, kisha ndipo useme swali limekamilika.

Sasa swali ninalolipenda kuliko yote. Mwenzako wa zamu ameacha ndoo kubwa ambayo ameichanganya sasa hivi. Ametia lita 1 ya jiki na lita 9 za maji, akidhani jiki ni ya 5%. Unasoma lebo: ni ya 3.5%. Ndoo ina nguvu gani? Na bila kumwaga kitu, utaongeza nini ifike 0.5%?

Sehemu ya kwanza: jiki ni lita 1 katika jumla ya lita 10, basi nguvu ni 0.35%. Anayesema 0.39% amegawa kwa 9. Mnamtambua? Ni ndugu yake yule wa 3.33, ameingia kwa mlango mwingine.

Sehemu ya pili ndiyo inayofichua. Wengi watasema hivi: mmumunyo ni lita 10, lita 10 kwa 7 ni 1.43, nina lita 1 tayari, naongeza 0.43. Inaonekana safi kabisa. Lakini ukiongeza jiki, ndoo haiwi tena ya lita 10. Inakuwa lita 10.43, na nguvu inaishia karibu 0.48%. Amesahau kwamba anachokiongeza nacho kinaingia kwenye jumla.

Wenye hesabu nzuri wataandika mlinganyo, na mlinganyo ni sawa:

```
(3.5 × 1 + 3.5 × x) ÷ (10 + x) = 0.5
3.5 + 3.5x = 5 + 0.5x
3x = 1.5
x = 0.5
```

Nusu lita. Lakini yupo mwanafunzi wa tatu, na huyo ndiye ninayemtafuta. Anaangalia ndoo, anasema: maji humu ni lita 9, hayatoki wala hayaongezeki. Kila lita sita za maji zinataka lita moja ya jiki, basi lita 9 zinataka lita 1.5. Ipo moja, ongeza nusu. Kwisha. Huyu hajaandika x hata mara moja. Amechukua "moja kwa sita" ya slaidi, akaipeleka mahali ambapo slaidi haikufika, kwa sababu ameuliza ni kitu gani katika ndoo hakibadiliki. Njia imehama naye. Uhamisho wa maarifa tunaousoma katika vitabu vya ualimu unafanana hivyo, na huwezi kuuona ukiuliza tu wodi ya wazazi.

Mtasema, "Mtihani hauulizi hivi, wanafunzi watalalamika kwamba hawakufundishwa." Mtihani ni saa chache. Mlipuko wa Ebola ulipotangazwa Mubende Septemba 2022, taifa liliishi nao hadi Januari 2023. Katika hali kama ile unaitumia chupa iliyofika, kwa chombo kilichopo. Mwuguzi anayejua slaidi tu, akipewa chupa ya 5%, atatia maji sita, na mmumunyo utakuwa mkali kupita unaotakiwa, uharibu vyuma na kuwasha macho ya watu. Akipewa iliyo hafifu, atapangusa sakafu kwa maji yanayonuka klorini, akiamini kwamba amesafisha. Sikubali kwamba malalamiko ya darasani ni mazito kuliko hilo.

Tuendelee, naona saa inanikimbiza. Kuna swali la mpakani, yaani swali linalofanana na slaidi huku masharti ya njia yakiwa yameanza kulegea. Chukua unga wa HTH wenye klorini 70%, tengeneza 0.5%. Mwanafunzi anatumia slaidi: 70 kwa 0.5 ni 140, toa 1, ni 139. Sehemu moja ya unga, sehemu 139 za maji. Hesabu inayotakiwa ni gramu 5 za klorini kwa lita, kwa hiyo unga ni 5 kwa 0.7, karibu gramu 7.1 kwa lita. Sasa tazameni: akipima kwa mizani, gramu 1 kwa gramu 139 za maji, anapata gramu 7.2 kwa lita. Karibu sawa! Namba haitamsaliti. Akipima kwa kikombe amekosea, kwa sababu kikombe cha unga hakina uzito wa kikombe cha maji. Kwa hiyo hapa usiulize namba peke yake. Uliza: "Utapima kwa kikombe au kwa mizani, na kwa nini?" Kuna mahali ambapo sentensi moja ya mwanafunzi inakuonyesha zaidi ya hesabu yake.

Spiriti nitaigusa tu. Katika dawa ya kupaka mikono ya Shirika la Afya Duniani, ethanoli ya 96% ni mililita 8333, na mchanganyiko wote unajazwa kwa maji hadi lita 10. 8333 mara 0.96 ni 8000, yaani 80%. Kiasi cha spiriti kinafuata sheria yetu. Kiasi cha maji hakifuati, kwa kuwa spiriti na maji vikichanganywa ujazo unapungua kidogo, ndiyo maana maelekezo yanasema ujaze hadi alama, hayasemi uongeze mililita kadhaa za maji. Muulize mwanafunzi kwa nini. Anayetambua ni kipi kinabaki sheria na kipi kilikuwa bahati ya klorini hafifu, huyo ameielewa slaidi.

Na swali lisilo na jibu: chupa imekaa juani miezi, lebo imefutika, tengeneza 0.5%. Joto na mwanga hupunguza nguvu ya jiki. Jibu sahihi ni "siwezi kukokotoa, nitafutie chupa nyingine." Asiyezoea swali la namna hii atabuni 3.5 kichwani na kuendelea.

La mwisho, kwa haraka. Ondoeni vichwa juu ya maswali. Mwaka 1980 Gick na Holyoak waliwapa watu hadithi ya jeshi linalogawanyika ili kuiteka ngome, kisha wakawapa tatizo la uvimbe na miale ambalo suluhisho lake ni lile lile. Bila kidokezo, wachache tu waliona uhusiano. Walipoambiwa "tumia hadithi," wengi wakafaulu. Sasa wewe ukiandika juu ya karatasi "Maswali ya Kuzimua Klorini," umetoa kidokezo hicho. Changanyeni na kipimo cha dripu na kipimo cha dozi kwa uzito wa mtoto, mwanafunzi mwenyewe atambue kipi ni kipi.

Hilo la kuchanganya lilihitaji saa nzima, tutalirudia kesho kama ratiba itaruhusu. Sasa kila mmoja atoe slaidi moja aliyoifundisha muhula huu. Msiandike swali bado. Andikeni majibu matatu ya makosa, na pembeni ya kila moja andikeni mwanafunzi alifikiri nini hadi akalipata. Mwalimu aliye karibu na dirisha, tafadhali gawa karatasi.