Ile meseji ya mchango: tuiandike upya

Haya, asanteni, naona karibu wote mna simu mkononi na ndivyo ninavyotaka, maana leo tunashughulika na meseji moja tu ya wasapu. Tuliiandika sisi wenyewe, kikundi chetu, na mimi ni mmoja wa walioipitisha. Nawasomea kama ilivyokuwa:

"Wewe unayesoma hapa miguu yako ni mizima. Unatembea, unakimbia, unavaa kiatu unachotaka. Mtoto huyu wa miezi mitatu amezaliwa kilema, baba yake kamkimbia, mama yake hana mbele wala nyuma. Leo umekunywa soda ya elfu moja, hiyo elfu moja ingemfuta machozi. Ukipita kimya, Mungu anakuona."

Chini yake picha, miguu ya mtoto imefunuliwa na uso wa mama unaonekana vizuri kabisa.

Hela ilikuja, tena jioni ile ile, sitawaficha. Lakini siku mbili baadaye meseji ikafika kwenye grupu la ukoo wa huyo mama, wifi yake akamtumia akimuuliza ndo umefikia hapa? Mama akaacha kuja kliniki, ambako mguu wa mtoto ulikuwa unanyooshwa kwa plasta ngumu. Wiki tatu hatukumuona, na aliporudi mguu ulikuwa umeanza kurudi ulikotoka, ikabidi baadhi ya plasta zirudiwe. Yaani meseji ya kumsaidia ndiyo iliyomkatizia mtoto tiba, na mimi hilo sijalisahau.

Sasa twende taratibu, mstari kwa mstari.

Hebu hesabuni ile meseji inamtaja nani zaidi. Wewe unasoma, wewe unatembea, wewe unakimbia, wewe umekunywa soda, Mungu anakuona wewe. Msomaji ana vitendo vyote. Mama ana kimoja, "hana". Mtoto amezaliwa tu basi. Mimi nikipata meseji ya mchango sasa hivi nachukua kalamu napigia mstari kila kitendo halafu najiuliza ni cha nani, na hapo ubaya unaonekana haraka kuliko kubishana kama maneno ni makali au ni laini.

Kwa sababu ukweli wa yule mama ulikuwa hivi. Mtoto alizaliwa na mguu kifundo, unyayo umegeukia ndani. Tiba ipo, inaitwa njia ya Ponseti, jina la daktari aliyeianzisha, mguu unanyooshwa kidogo kidogo kwa mkono na kufungwa plasta, lile tunaloita hogo, na plasta inabadilishwa kila wiki, kawaida mara tano hadi saba. Watoto wengi baada ya hapo wanakatwa kidogo kano ya kisigino kwa ganzi, wanakaa na plasta ya mwisho wiki tatu, ndio wanaanza viatu viwili vilivyounganishwa na kipande cha chuma. Mama alikuwa ameshampeleka mwanae mara tatu kwa nauli ya mfukoni mwake, anaamka saa kumi usiku, bodaboda halafu daladala. Safari ya nne ndiyo iliyomshinda. Huyo ndiye tuliyemwandika hana mbele wala nyuma!

Neno "kilema" nalo. Kwa Kiswahili chetu kilema, kipofu, kiziwi, yote yanaanza na ki kama kiti na kijiko, na kuna sababu watu wenyewe wamepigania "mtu mwenye ulemavu" na sheria ya Tanzania ya 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini kwa huyu mtoto hata hilo halihitajiki, sema tu amezaliwa na mguu kifundo, kwa sababu ni hali inayotibika na ukishamwita kilema umemwambia mchangiaji kwamba kazi imeshashindikana.

Baba kamkimbia? Baba alikuwa kibarua mkoa mwingine na anatuma hela akipata. Hatukuuliza, tulidhani. Na hata ingekuwa kweli haihusiani na nauli, iondoe.

Dada pale nyuma ananiambia bila picha watu hawatoi. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada waliandika kanuni 10 za kazi yao wakati wa maafa, na ile ya 10 inasema kwenye matangazo yao watawaonyesha walioathirika kama binadamu wenye heshima zao, sio vitu visivyo na tumaini. Sasa hawakusema usionyeshe. Picha unaweza kutumia, ya mikono ya mama imeshika kadi ya kliniki bila jina, au ya hivyo viatu vyenyewe. Ila uso unahitaji ridhaa, na ridhaa uliyoomba mtu akiwa kwenye benchi anasubiri umpe nauli sio ridhaa, maana anaogopa akikataa atakosa. Mpe nauli kwanza, muulize siku nyingine, na umwambie wazi kwamba akikataa hakuna kinachobadilika. Mtoto hawezi kukubali chochote, na miaka kumi na tano ijayo ile picha bado itakuwepo kwenye simu ya mtu.

Basi tukaandika hivi:

"Tuna mama ambaye mtoto wake amezaliwa na mguu kifundo. Hali hii inatibika kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki. Mama ameshampeleka mara tatu kwa nauli yake mwenyewe. Zimebaki safari nne, kila safari ni 15,000 kwenda na kurudi, jumla 60,000. Wiki ikirukwa mguu unaanza kurudi. Tunaomba tumchangie nauli. Ukiweza 1,000 sawa, ukishindwa safari hii hakuna lawama. Jumamosi tunaleta hesabu hapa hapa."

Angalieni, ugumu haujafichwa. Wengine wakisikia habari ya heshima wanaanza kulainisha mpaka meseji inakuwa uji, "tuwashike mkono wenye uhitaji", hujui nani, hujui shilingi ngapi, hujui haraka iko wapi. Hapa haraka ipo na ni ya kweli, ni ile sentensi ya wiki kurukwa, inatoka kwenye tiba yenyewe sio kwenye soda ya mtu. Ilichukua siku nne kufika 60,000, badala ya jioni moja. Ile ya kwanza tulipoirudia kwa mtoto mwingine watu walinyamazisha grupu na wengine wakatoka.

Kabla ya kuituma hii mpya nilimsomea mama kwa sauti, pale nje ya kliniki, na tangu hapo hakuna meseji inayotoka kwetu bila kusomewa mwenyewe. Rasimu ilikuwa imetaja biashara anayofanya, mimi nikiona ni jambo la kumpa sifa. Akaniambia toa hiyo, mtaani kwetu anayeuza hicho kitu ni mimi peke yangu. Nikafuta, na hata leo hapa siitaji. Akauliza tena, mbona mmeishia kwenye plasta? Yeye alishaambiwa viatu vinavaliwa masaa 23 kwa siku miezi mitatu ya kwanza, halafu ni usiku na usingizi wa mchana mpaka mtoto afike miaka minne au mitano, mguu ukikua vinabadilishwa, na wengi mguu unarudi hapo kwa sababu wanaona umenyooka wanaacha. Sisi tulikuwa tumeomba hela ya wiki nne. Akachukua simu yangu akaandika mwenyewe chini ya meseji: "Ikizidi iwekwe ya viatu, nitavihitaji mpaka aanze shule."