Miezi Isiyofika NSSF: Wajibu wa Mwajiri na Njia za Kudai Michango

Waheshimiwa waajiri, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na ndugu wafanyakazi, leo ninazungumzia mchango wa NSSF katika sekta binafsi hapa Tanzania, unaosimamiwa na Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, Sura ya 50.

Wajibu wenyewe unaeleweka. Mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Sehemu inayobaki anaitoa mwenyewe. Zote mbili anapaswa kuziwasilisha ndani ya mwezi mmoja baada ya kwisha kwa mwezi husika, na akichelewa, deni huongezeka kwa mchango wa nyongeza ambao ni mzigo wake peke yake. Biashara ikiyumba, wapo waajiri wanaoitumia fedha waliyokwisha kuikata kulipia kodi ya jengo au bidhaa, wakiamini wataifidia baadaye. Fedha hiyo si mtaji wao. Imekwisha kutoka kwenye mshahara wa mtu, na mwajiri ameishika kwa muda tu ili aifikishe.

Tuchukue mfano. Mama mmoja mfanyakazi wa kiwanda analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Anakatwa 60,000, mwajiri anaongeza 60,000, na Mfuko unapaswa kupokea 120,000. Amefanya kazi miezi 182, lakini miezi 20 haikuwasilishwa. Ukihesabu fedha peke yake, kilichopotea ni shilingi 2,400,000. Hasara yenyewe ni kubwa kuliko hapo, kwa sababu pensheni ya uzeeni inahitaji michango isiyopungua miezi 180, na kwenye kumbukumbu za Mfuko mama huyu ana miezi 162. Anapofikisha umri wa kustaafu, badala ya pensheni ya kila mwezi kwa maisha yake yote, anaambiwa kwamba anastahili malipo ya mkupuo. Ndiyo maana ninawasihi mhesabu miezi kabla ya kuhesabu shilingi.

Makato yaliyoandikwa kwenye hati ya mshahara yanathibitisha kwamba ulikatwa. Hayathibitishi kwamba mchango ulifika. Linganisha hati hizo na taarifa ya michango kutoka NSSF, mwezi kwa mwezi, ukiangalia pia kiasi, kwa maana wapo wanaoripoti mshahara mdogo kuliko ule wa mkataba. Ukiona pengo, usikimbilie kumtuhumu mwajiri. Malipo yake huambatana na orodha ya majina na namba za uanachama, na namba ikikosewa, fedha inaweza kuwa imefika lakini haijaingizwa kwako. Mwombe kwa barua stakabadhi ya malipo pamoja na ukurasa wa orodha wenye jina lako. Akivitoa, tatizo ni la kumbukumbu na ofisi ya Mfuko italirekebisha. Akishindwa, una msingi mzuri wa malalamiko.

Malalamiko hayo yapeleke ofisi ya NSSF ya eneo lako, ukiambatisha mkataba, hati za mshahara na orodha ya miezi inayokosekana. Wakaguzi wa Mfuko wana mamlaka ya kukagua vitabu vya mwajiri na kukokotoa deni. Asipolipa, Bodi ya Wadhamini inaweza kumshitaki Mahakama Kuu kwa utaratibu wa muhtasari, ambapo mdaiwa hawezi kujitetea mpaka apewe kibali na mahakama. Njia hii ina nguvu kuliko ile ambayo mfanyakazi angeipata akiwa peke yake. Fahamuni, hata hivyo, kwamba kinachopatikana huingia kwenye akaunti ya uanachama na si mkononi mwa aliyelalamika, jambo ambalo huwaudhi wengi, ingawa kwa mama wa mfano wetu ndicho hasa anachokihitaji.

Wengi huenda kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hasa wanapoachishwa kazi. Huko muda ni mfupi: Kanuni za mwaka 2007 zinatoa siku 30 kwa mgogoro wa uhalali wa kuachishwa na siku 60 kwa migogoro mingine. Kwa hiyo, usingoje majibu ya Tume ndipo uende NSSF. Fungua malalamiko kote kuwili, na katika fomu ya Tume, CMA F.1, ulitaje dai la michango waziwazi.

Hali ngumu zaidi ni ya kampuni inayofungwa. Vitabu hutawanyika, mhasibu huondoka, na mfilisi hushughulikia madai yaliyowasilishwa kwake. Mdai wa michango ni Mfuko, hivyo kumwandikia mfilisi pekee hakutoshi. Uarifu Mfuko mapema, uukabidhi nakala za hati zako, nao uwasilishe dai lake wakati mali za kampuni bado hazijagawanywa.