Bafu dogo, mistari michache: kuchagua vigae na rangi ya grauti

Karibuni. Bafu tulilo nalo leo liko kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala hapa Roysambu. Upana ni mita 1.2, urefu mita 1.8, choo na shawa vyote humo humo. Tazama kuta: vigae vidogo vyeupe vya sentimita 20 kwa 30, na katikati yake sementi nyeupe ambayo sasa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukifungua mlango, jicho linakutana na miraba mitupu. Miraba hiyo ndiyo inayobana chumba, na ndiyo inayokuweka magotini na brashi kila Jumamosi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, tuhesabu mistari ya grauti, yaani ule ujazo wa kati ya vigae. Kuta zote, ukitoa mlango na dirisha, ni kama mita 12.5 za mraba. Kigae cha 20 kwa 30 kina zaidi ya mita 8 za mstari katika kila mita moja ya mraba, kwa hiyo ukutani hapa kuna mita 104 hivi za grauti. Tukiweka cha 30 kwa 60, kila mita ya mraba inabaki na mita 5 za mstari, na kuta zote zinapata mita 62 hivi. Zaidi ya mita 40 za kusugua zimeondoka, na hatujabadilisha kitu kingine chochote.

Hatua ya kwanza, basi: ukutani chukua 30 kwa 60 inayong'aa, rangi nyepesi isiyo na maua, na uilaze, yaani upande mrefu ufuate upana wa ukuta. Ipande mpaka juu kwenye dari. Wenye nyumba wengi husimamisha vigae usawa wa mlango ili kuokoa pesa, na pale vinapokatika panatokea mstari unaoufanya ukuta uonekane mfupi. Ule mshipi wa urembo wa katikati, nao muachie muuza duka.

Sasa sakafu, na hapa ndipo wengi huteleza. Ukipita maduka ya Barabara ya Mombasa utaonyeshwa 60 kwa 60 na kuambiwa kigae kikubwa ndicho kinachokuza chumba. Sebuleni, sawa. Bafuni sakafu lazima iteremke kuelekea tundu la maji, kama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, tena kutoka pande zote. Kigae cha 60 hakipindi. Fundi atakikata kimshazari vipande vinne, au atakilaza tambarare na maji yatabaki yamesimama pembeni. Kwa hiyo sakafu tunaweka 30 kwa 30, isiyong'aa ili usiteleze, rangi ya ukutani au nyeusi kidogo kuliko hiyo. Vigae viwili vya 30 vinakaribia sana urefu wa kimoja cha ukutani, basi mstari wa sakafu unaweza kupanda moja kwa moja ukutani. Jicho halikati pale sakafu inapokutana na ukuta, na ndio siri ya bafu hili.

Tunanunua kiasi gani? Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika. Ukutani ni mita za mraba 13.75. Kama boksi lina vigae 8, hiyo ni mita 1.44, kwa hiyo maboksi 10. Idadi ndani ya boksi hutofautiana, soma ubavuni. Hapo hapo ubavuni linganisha namba ya toleo: maboksi yote yawe na namba moja, la sivyo ukuta utakuwa na weupe wa aina mbili, na utaliona jambo hilo taa ikishawashwa.

Hatua ya pili ni kupanga. Anza na ukuta unaouona ukifungua mlango. Huu wa mita 1.2 unapokea vigae viwili, na mstari wao unakaa katikati kabisa. Unapunguza milimita chache kila upande, na vigae vya kuta za pembeni vitafunika ukingo uliokatwa. Je, ukuta wako ni mita 1.3? Fundi akianzia kona utabaki na kipande chembamba cha sentimita 10 upande mmoja. Mwambie aweke kigae kizima katikati, kila upande ubaki na 35. Usikubali pia vigae vipandane kama matofali, kila kimoja kikianzia nusu ya mwenzake. Vigae virefu huwa vimepinda kidogo katikati, na mpangilio huo hufanya ncha za kimoja zikwaruze kidole.

Nafasi kati ya vigae: milimita 2 ukutani, 3 sakafuni, kwa vile vijiplastiki vya msalaba. Kuna mafundi wanaobana kigae na kigae bila nafasi, wakisema ndio usafi. Vipimo vya vigae hutofautiana kidogo, na bila nafasi tofauti hiyo inajikusanya hadi mistari ya juu inakwenda upogo.

Hatua ya tatu ni rangi ya grauti. Kanuni yangu ukutani ni kuikaribia rangi ya kigae, ila iwe nyeusi hatua moja. Kigae hiki ni cheupe cha maziwa, grauti tunachukua kijivu chepesi. Grauti nyeusi kwenye kigae cheupe inarudisha ile miraba tuliyoikimbia, na maji ya kisima yakikauka juu yake huacha ukoko mweupe unaoonekana kutoka mlangoni. Sakafuni nenda kijivu cha kati. Kama unakaa upande wa Dagoretti au Kikuyu, udongo mwekundu unaoingia na viatu unataka kijivu chenye ukahawia. Nyeupe sakafuni usijaribu popote.

Usiamini rangi ya paketi. Koroga kijiko kimoja, jaza kati ya vipande viwili vilivyobaki, uache hadi kesho. Grauti mbichi ni nyeusi kuliko kavu. Itazame mchana, kisha chini ya taa ya bafu.

Na iwe grauti ya paketi, si sementi nyeupe. Sementi nyeupe tupu hupasuka, huwa unga, na hunywa uchafu. Subiri siku moja baada ya kupanda vigae. Koroga kwa kipimo cha maji kilichoandikwa, iache dakika chache, koroga tena. Isukume kimshazari kwa mwiko wa mpira ili isichimbuliwe, kisha ikianza kushika pangusa na sponji iliyokamuliwa vizuri. Sponji ikichuruzika maji, rangi inaoshwa, na ikikauka utaona mabaka, huku kijivu na kule karibu nyeupe.

Kwenye kona za kuta, na pale ukuta unapokutana na sakafu, usijaze grauti. Pande hizo mbili husogea kivyake na grauti itapasuka. Tia silikoni ya bafuni ya rangi ile ile.

Usimwage maji kwa siku nzima. Baadaye osha kwa sabuni ya maji na brashi laini. Dawa za asidi za kusafishia choo, hata siki, zinakula grauti ya sementi, hivyo zibaki ndani ya choo. Ukungu ukitokea kona ya shawa, tumia jiki iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi, na kamwe usiikutanishe na ile dawa ya choo, maana hutoa gesi yenye sumu.